Dakti za bati zinapogonga kila feni inapowaka au inapozima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu wanaoishi Marekani na Kanada katika nyumba zenye fanesi, yaani tanuri la gesi linalopasha hewa joto na kuisukuma vyumbani kwa kupitia dakti, mifereji ya bati ya kupitishia hewa. Aliyezoea kiyoyozi cha ukutani cha Dar es Salaam au Mombasa, ambacho hakina dakti hata moja, hushtuka usiku wa kwanza wa baridi anaposikia "du!" kutoka besimenti. Mara nyingi hakuna la kuogopa. Kuna mlio mmoja tu wa kuogopa, na una swali lake hapa chini.

Kelele yenyewe inatokana na nini?

Bati la dakti hupiga kelele kwa njia mbili. Ya kwanza ni msuguano. Bati likipata joto hurefuka, na mahali lilipobanwa na ubao, mkanda au msumari hukwama kidogo, kisha huachia ghafla. Kila linapoachia unasikia "tik". Likikwama na kuachia mara kumi, utasikia tik kumi.

Ya pili ni bati kugeuza tumbo. Ubavu mpana wa dakti haukai bapa kamili. Huwa una tumbo kidogo, ama kwa nje ama kwa ndani. Ukisukumwa vya kutosha, tumbo hilo huhamia upande wa pili kwa mpigo mmoja. Aliyewahi kubonyeza ubavu wa debe tupu la mafuta ya kula kwa kidole gumba anaujua mlio huo. Tofauti ni kwamba hapa ubavu unaweza kuwa na upana wa sentimita 60 na urefu wa zaidi ya mita, na sanduku zima la dakti linautangaza mlio kila chumba.

Kwa hiyo sikiliza kwanza aina ya mlio. Tik nyingi mfululizo ni msuguano. "Du!" moja nzito ni tumbo la bati. Watu wengi huambiwa "ni bati linapanuka tu, zoea", hata pale ambapo joto halihusiki kabisa.

Nitajuaje kama kinachosukuma bati ni joto au presha ya feni?

Jaribio lake halihitaji kifaa. Nenda kwenye thamostati, weka mfumo kwenye OFF ili fanesi isiwashe moto, kisha sogeza FAN kutoka AUTO hadi ON. Feni itazunguka bila moto. Kama "du!" imetokea feni inaposhika kasi, na nyingine imetokea unaporudisha AUTO feni ikasimama, basi ni presha. Joto halikuwepo, kwa hiyo halina hatia.

Kama feni peke yake iko kimya, rudisha HEAT, pandisha kiwango cha joto ili fanesi iwake, halafu ukae besimenti na saa mkononi. Mfuatano wa fanesi nyingi za gesi ni huu: feni ndogo ya kutolea moshi huanza, kiwashio kinawaka, gesi inafunguka, moto unashika, na baada ya kama nusu dakika hivi feni kubwa ndiyo inaanza kusukuma hewa. Tik zinazoanza baada ya hewa ya moto kuingia kwenye dakti, zikaendelea dakika kadhaa na kupungua zenyewe, ni msuguano wa joto. Zitarudi fanesi ikizima na bati likianza kupoa.

Kuna hali ya tatu, na ndiyo inayowachanganya hata mafundi. Feni peke yake iko kimya, lakini dakika moja au mbili baada ya moto kuwaka inakuja "du!" moja kubwa. Hilo nalo ni tumbo linalogeuka, ila kinachosukuma ni joto. Ubavu wa bati unataka kupanuka, lakini kingo zake zimeshikwa na viungio vigumu, kwa hiyo hauna pa kwenda isipokuwa kubenuka. Dawa yake ni ile ile ya bati lililogeuzwa na presha, yaani kuliongezea ugumu. Kuchezea mikanda ya kuning'inizia hakutasaidia.

Mlio ukija kabla feni kubwa haijaanza?

Huo ndio wa kuogopa. "Bum!" inayotokea sekunde ile ile moto unapowaka, hewa ikiwa bado haijaanza kusukumwa, haitoki kwenye dakti. Ni gesi iliyokusanyika kidogo kabla ya kushika moto, kwa kawaida kwa sababu vichomeo vimechafuka au kiwashio kimechoka. Zima fanesi na umwite fundi mwenye leseni. Usiendelee kuijaribu ili uhakikishe. Ukisikia harufu ya gesi, toeni watu wote nje bila kugusa swichi yoyote, na mpige simu mkiwa nje.

Kwa nini bati lenyewe ni jepesi hivyo?

Ni suala la bei. Dakti nyingi za nyumba za kuishi hutengenezwa kwa bati la geji 30, 28 au 26. Wanunuzi wa mabati ya kuezekea Afrika Mashariki wanazijua namba hizi, na wanajua kwamba namba ikikua, bati linapungua unene. Geji 28 ina unene wa takriban nusu milimita. Bati la paa lina mikunjo inayolipa nguvu, lakini ubavu wa dakti ni bapa tupu.

Wahunzi wa dakti wanalijua tatizo hili tangu zamani. Kanuni za SMACNA, chama cha wakandarasi wa kazi za bati cha Marekani, zinataka ubavu wa dakti wenye upana wa kuanzia inchi 19 na eneo la zaidi ya futi 10 za mraba lisiloshikiliwa upewe mkunjo wa alama ya X au mistari iliyokandamizwa. Mkunjo wa X unalilazimisha bati kuwa na umbo moja tu, halina tena pande mbili za kuchagua. Ukiingia besimenti na kuona ubavu mpana usio na X wala mistari, umeshapata mshukiwa wa kwanza.

Feni inawezaje kulisogeza bati? Si hewa tu?

Ni hewa tu, lakini eneo ni kubwa. Presha ya dakti hupimwa kwa inchi za maji. Fanesi nyingi za nyumbani zimepangwa zifanye kazi kwenye nusu inchi ya maji kwa jumla, yaani mvuto wa upande wa kurudishia hewa kwenye fanesi ukijumlishwa na msukumo wa upande wa kuipeleka vyumbani. Nusu inchi ni kama paskali 125, kiasi ambacho uso wako usingekihisi.

Sasa chukua ubavu wa dakti ya kurudishia hewa wenye upana wa inchi 24 na urefu wa inchi 48. Hilo ni eneo la takriban mita za mraba 0.74. Mvuto wa inchi 0.45 tu, yaani kama paskali 112, unauvuta ubavu huo kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 8 na nusu. Bati la nusu milimita haliwezi kubaki limetulia. Punguza mvuto hadi inchi 0.2 na nguvu inashuka hadi chini ya kilo 4, na huenda tumbo lisigeuke tena.

Ndiyo maana upande wa kurudishia hewa huongoza kwa makosa. Chujio liko huko, na chujio likiziba, mvuto wote unaishia kwenye ubavu ulio kati ya chujio na feni.

Mwaka jana nyumba ilikuwa kimya. Kimebadilika nini?

Dakti yenyewe haikubadilika. Kilichobadilika ni presha, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye aliyeibadilisha bila kujua.

Sababu ya kwanza ni chujio. Mtu ana mzio wa vumbi, anaenda dukani, anaona MERV 13 karibu na MERV 8, MERV ikiwa ni kipimo cha uwezo wa chujio kunasa vumbi, na kufikiri kwamba namba kubwa ndiyo bora. Kwa vumbi, ndiyo. Lakini chujio jembamba la inchi 1 lenye MERV 13 huibana hewa kuliko lile la MERV 8, na likishajaa vumbi hali inazidi. Ukitaka uchujaji wa juu, dawa ni chujio nene la inchi 4 au 5 lenye sanduku lake, kwa sababu mikunjo yake mirefu inaongeza eneo la kupitishia hewa.

Sababu ya pili ni kufunga matundu ya hewa ya vyumba visivyotumika ili kupunguza bili ya gesi. Nasaha hii inazunguka sana miongoni mwetu, na mimi siipendi. Feni haijui kwamba umefunga chumba. Hewa ile ile inalazimishwa kupita kwenye matundu machache, presha ya upande wa kupeleka inapanda, na bati lililokuwa limetulia linaanza kugonga. Kochi au zulia lililofunika tundu la kurudishia hewa lina athari ya namna hiyo pia.

Ya tatu ni fanesi mpya yenye feni yenye nguvu kuliko ile ya zamani, iliyounganishwa kwenye dakti zilezile. Aina ya mota nayo ina mchango. Mota ya kizamani huruka mara moja hadi kasi kamili, ilhali mota ya kasi inayobadilika hupanda polepole, na bati linaposogea polepole mara nyingi halitoi mlio mkubwa.

Nitalipataje bati lenyewe linalogonga?

Mtakuwa wawili. Mmoja akae kwenye thamostati na kuwasha na kuzima feni kwa FAN ON, akisubiri isimame kabisa kabla ya kuiwasha tena. Mwingine awe besimenti na chaki. Usiyaamini masikio peke yake, maana bati husafirisha sauti na mlio wa dakti ya kurudishia unaweza kusikika kama unatoka chumba cha mbali kabisa. Tumia viganja. Weka kiganja katikati ya kila ubavu mpana feni inapoanza. Lile linalogonga utalihisi likiruka chini ya mkono, nawe ulitie alama.

Kisha hakikisha. Feni ikiwa imezimwa, bonyeza ubavu huo kwa kiganja. Ukigonga "du!" ule ule wa usiku, umelipata. Jaribio la mwisho ni kuukandamiza kwa ubao huku mwenzako akiwasha feni. Kelele ikipotea, unajua dawa itafanya kazi kabla hujatoboa tundu hata moja.

Katika nyumba za zamani, tazama pia kati ya mbao za sakafu. Wajenzi wengi waliokoa pesa kwa kupigilia bati jembamba chini ya mbao mbili na kuifanya nafasi hiyo kuwa njia ya kurudishia hewa. Mabati hayo hayana umbo la sanduku la kuyashikilia, na misumari yake hulegea.

Nikishalipata, nifanye nini?

Anza na presha kabla ya bati: chujio safi la kiwango cha wastani, matundu yote wazi, fanicha zisogezwe. Ikiwa kelele imekwisha, acha hapo.

Ikibaki, liongezee bati ugumu. Kata kipande cha chuma chepesi cha pembe cha inchi 1, urefu wake uwe karibu sawa na upana wa ubavu. Kifunge katikati kwa skrubu fupi za bati za nusu inchi, moja kila baada ya sentimita 15 hivi. Kwa ubavu mrefu weka viwili, ili usibaki na eneo kubwa lisiloshikiliwa. Vichwa vya skrubu uvipake mastiki ya dakti, au uvifunike kwa tepu ya foili ya alumini. Ile tepu ya kijivu ya kitambaa, licha ya jina lake la dukani, hukauka na kubanduka kwenye dakti.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulikosea. Usilivute bati likae bapa wakati wa kulifunga. Lifunge likiwa limeegemea upande ule ule ambao feni hulipeleka, yaani ndani kwa dakti ya kurudishia na nje kwa dakti ya kupeleka. Feni ikiwaka, halina pa kwenda. Ukilifunga likiwa upande wa pili, unakiachia chuma chako kipambane na feni kila siku.

Kabla ya kutoboa, zima umeme wa fanesi na ujue kilicho nyuma ya bati. Usitoboe sanduku lililo juu tu ya fanesi, ambapo koili ya kiyoyozi hukaa, wala karibu na waya au bomba la gesi. Na kama nyumba ni ya kabla ya 1980 na dakti zimefungwa tepu au karatasi nyeupe inayofanana na ya ukutani, usiiguse, usiikwangue. Inaweza kuwa na asbesto, na hiyo ni kazi ya wataalamu wake.

Naomba mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Chukua nyumba ya namna hii, ambazo ziko nyingi Ohio na Minnesota: ghorofa mbili, besimenti, fanesi moja, dakti pana ya kurudishia inayoshuka kando ya fanesi yenye ubavu ule wa inchi 24 kwa 48. Kila feni inapoanza ni "du!", na inapozima ni "du!" nyingine nyepesi kidogo. Mtoto anaamka kila usiku.

Jaribio la FAN ON bila moto linatoa mlio, kwa hiyo ni presha. Chujio linatolewa kwa dakika moja tu, feni inawashwa, na kimya. Hapo tayari tunajua kwamba upande wa kurudishia unakosa hewa. Chujio ni la MERV 13 la inchi 1 na limekuwa jeusi. Juu, matundu matatu ya chumba cha wageni na chumba cha kufulia yamefungwa, ingawa hayo yanahusu zaidi upande wa pili.

Linawekwa chujio jipya la MERV 8 na matundu yanafunguliwa. Mlio wa kuwasha unapungua sana, lakini ule wa kuzima unabaki. Hii ni kawaida: mvuto wa chini bado unatosha kulivuta bati ndani taratibu, kisha feni ikisimama linarudi kwa mpigo. Vipande viwili vya chuma cha pembe vinafungwa kukatiza ubavu, bati likiwa limesukumwa ndani. Baada ya hapo kinachosikika ni feni tu. Vifaa vyote vinapatikana duka lolote la ujenzi na kazi yenyewe ni ya alasiri moja.

Na zile tik za joto, zina dawa?

Zina dawa, ila zinahitaji subira. Chuma hurefuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Dakti kuu ya mita 8 ikipanda nyuzi 35 itarefuka milimita 3 na kitu. Lazima ipate pa kusogea.

Fuata dakti ya moto tangu fanesi hadi mwisho, ukitafuta mahali inapogusa ubao au ukuta: tundu lililokatwa likabana mno, mkanda wa bati uliopigiliwa ukakaza, dakti iliyosukumwa kati ya mbao mbili. Panua tundu kidogo, au weka kipande cha felti kati ya bati na ubao. Mkanda uliokaza uulegeze ili ushike uzito bila kuzuia mwendo. Fundi akija, anaweza pia kuweka kiungo laini cha turubai linalohimili joto kati ya fanesi na dakti kuu. Usijaribu kukishona mwenyewe kwa kitambaa cha kawaida.

Tik chache za mwanzo huenda zisiishe kamwe, na si kasoro. Hata fanesi yenyewe ikipata moto hulia kidogo ndani.

Nikizungushia sufi ya kuhami joto?

Itafifisha sauti, lakini bati litaendelea kugeuka ndani yake. Zungushia baada ya kurekebisha, usifanye mbadala.

Fundi mmoja alilipiga bati kwa ngumi likanyamaza. Ni sahihi?

Kubonyeza mkunjo kwa makusudi ni toleo la haraka la ile X ya kiwandani, na wakati mwingine hudumu. Mimi napendelea chuma cha pembe, kwa sababu ngumi inaweza kufungua kiungio na kuvujisha hewa.

Ninapanga. Nimwambie nini mwenye nyumba?

Badilisha chujio kama mkataba unasema hiyo ni kazi yako, fungua matundu, halafu mwandikie matokeo ya jaribio la FAN ON pamoja na picha ya ubavu wenye alama ya chaki. Usitoboe dakti isiyo yako.

Kwangu hugonga wakati wa kiangazi, dakti ziko darini.

Kisababishi kinaweza kuwa presha kama kawaida, kwa hiyo rudia jaribio la feni. Lakini dari la kiangazi huwa tanuri, na hewa ya nyuzi 13 hivi ikiingia ghafla kwenye bati lililopashwa na dari, bati husinyaa. Milio ni ile ile, mwendo ni wa kurudi. Usipande darini mchana, nenda alfajiri.

Nikimwita fundi, nimwambie apime nini?

Mwombe apime presha ya jumla kwa manomita, kifaa cha kupimia presha, tundu moja likiwa kati ya chujio na feni na jingine upande wa kutokea fanesi, kabla ya koili. Linganisha jumla hiyo na kiwango kilichoandikwa kwenye kibao cha fanesi. Kama kibao kinasema 0.5 na yeye amepata 0.8 au 0.9, bati ni dalili tu, na fedha zitumike kuongeza njia ya kurudishia hewa au sanduku la chujio nene. Kama presha iko sawa na bati bado linagonga, anahitaji kulitia chuma. Fundi anayetaka kukuuzia fanesi mpya kwa sababu ya kelele bila kutoa manomita kwenye mkoba, mshukuru kwa kuja na umwite mwingine.